Umepokea ujumbe wa uthibitisho kutoka kampuni ya kuhamisha? Soma hivi kabla ya kujibu NDIYO

Kila mwisho wa mwezi maswali ni yale yale. "Wameandika watafika kati ya saa 2 na saa 4, kwa hiyo saa 4 nitakuwa nimeshahama?" "Njia ya kufikia maana yake nini, si nimewapa anwani?" "Friji nizime lini?" Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya kupanga safari za malori ya kuhamisha, na ujumbe kama huo uliopokea ni mimi niliyekuwa nikiutuma. Nikwambie kitu ambacho mteja hakioni: ule ujumbe tuliujaza kwa yale uliyotuambia kwenye simu, mara nyingi ukiwa barabarani, ukijibu haraka haraka. Hakuna mtu wa ofisini aliyeona ngazi zako. Ukijibu NDIYO, yale makisio yanageuka kuwa lori fulani, vijana kadhaa na saa kadhaa za kazi. Ukiona kosa ukanyamaza, linakusubiri getini.

Basi chukua ujumbe huu, ambao hautofautiani sana na wako:

> Habari. Tunathibitisha kazi yako ya kuhama Jumamosi.
> Muda wa kufika: 8:00 – 10:00
> Kupakia: ghorofa ya 3, lifti IPO
> Kushusha: nyumba ya chini, maegesho YAPO
> Gari: lori la boksi 1, vijana 4
> Vitu: kama orodha yako
> Mteja aandae: maboksi yafungwe, friji iyeyushwe, vibali vya jengo viwe tayari
> Kusubiri zaidi ya dakika 30 kutatozwa
> Jibu NDIYO kuthibitisha

Aliyepokea ujumbe huu alikuwa mama wa watoto watatu. Ukiusoma ujumbe wake hakuna mstari wa uongo: lifti kweli ipo, maegesho kweli yapo, orodha kweli ni yake. Na bado mistari minne kati ya hiyo ingemharibia siku. Tutakwenda naye hatua kwa hatua.

Kabla ya kuanza uwe na hivi

- Ujumbe wenyewe, pamoja na makadirio ya bei uliyopewa mwanzo na orodha ya vitu uliyoituma.
- Futi ya kupimia ya chuma, ndefu ya mita 5. Ile laini ya fundi cherehani hujikunja, itakudanganya.
- Fimbo au ufito mrefu, wa kupimia kimo cha geti.
- Simu ya kupigia picha.
- Namba ya mlinzi au msimamizi wa jengo, la unakotoka na la unakokwenda.
- Siku mbili hadi tatu kabla ya kuhama. Ukisoma mwongozo huu usiku wa kuamkia siku yenyewe, fanya hatua ya 1, ya 4 na ya 7, mengine mwachie Mungu.

Hatua ya 1: Hakikisha saa ni saa ipi

Hapa ndipo wengi huanguka, na hawaanguki kwa ujinga. Mitambo ya ofisi huandika 8:00, sisi tunasema saa mbili asubuhi. Mama yetu aliona 8:00 – 10:00 akasoma "saa nane mpaka saa kumi", akapanga asubuhi ya Jumamosi awapeleke watoto kwa bibi yao kisha arudi kufunga vyombo vya jikoni. Lori lingegonga geti saa 2 asubuhi, yeye yuko njiani, na zile dakika 30 za kusubiri bure zingeisha kabla hajageuza gari.

Kanuni ni fupi. Kama saa imetokana na mtambo, ongeza au punguza sita: 8:00 ni saa 2 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Kama imeandikwa na mtu kwa mkono wake, bila neno asubuhi wala mchana, usikisie. Rudisha ujumbe ukiandika yote mawili: "Naelewa ni saa 2 asubuhi hadi saa 4 asubuhi, yaani 08:00 hadi 10:00. Ni sahihi?" Na siku iandikwe pamoja na tarehe. "Jumamosi" peke yake, ikiwa leo ni Alhamisi, inaweza kuwa keshokutwa au ya wiki ijayo.

Hatua ya 2: Uliza wewe ni kazi ya ngapi siku hiyo

Muda wa kufika ni muda wa lori kusimama mlangoni kwako. Si muda wa kuanza kubeba, na wala si muda wa kumaliza. Lori likifika saa 3 na dakika 50, kampuni imetimiza ahadi, na kazi ya saa tano ndiyo kwanza inaanza.

Wanakupa kipindi badala ya saa moja kamili kwa sababu lori moja mara nyingi hufanya kazi mbili kwa siku. Kazi ya kwanza hutoka yadi asubuhi, na kinachoweza kuichelewesha ni foleni tu. Kazi ya pili hungoja ya kwanza iishe, na ya kwanza ikikutana na lifti mbovu, wewe wa pili ndiye unayelipa kwa kusubiri. Kwa hiyo piga simu uulize maswali mawili: "Mimi ni kazi ya kwanza au ya pili?" na "Dereva atanipigia akiwa dakika ngapi kutoka kwangu?" Ukiwa wa kwanza, jiandae lori liwepo dakika ya kwanza ya kipindi. Ukiwa wa pili, usipange kukabidhi funguo za nyumba ya zamani jioni hiyo hiyo. Omba mwenye nyumba akupe hadi asubuhi yake.

*Kosa la kawaida:* kupanga uwe tayari katikati ya kipindi, eti "hawa hawafiki mapema". Wa kwanza hufika mapema. Dereva anataka kumaliza kazi kabla jua halijawa kali kama unavyotaka wewe.

Hatua ya 3: Pima njia ya kutokea, ukiwa umeshika kitu kikubwa kichwani

Namaanisha hivi: chagua vitu vitatu vikubwa kuliko vyote, kwa kawaida kochi, friji na kabati. Andika vipimo vitatu vya kila kimoja: urefu, kina na kimo. Kisha tembea navyo kimawazo kutoka vilipo hadi nje, maana hiyo ndiyo ile "njia ya kufikia", ukipima kila mahali pembamba utakapopita: mlango wa chumba, kona ya korido, mlango wa mbele, mlango wa lifti, ndani ya lifti, na kona za ngazi. Mlango upime uwazi wenyewe kati ya fremu na fremu, mlango ukiwa umefunguliwa wote, maana ukibaki nusu unakula sentimita kadhaa.

Kochi la mama yetu lilikuwa la watu watatu: urefu sm 220, kina sm 95, kimo sm 85. Mlango wake wa mbele una upana wa sm 80. Kwa kuangalia tu, halipiti, si kwa kina wala kwa kimo. Lakini lilikuwa na miguu ya kufungua, ya sm 10. Bila miguu kimo kinabaki sm 75, na hapo likilazwa ubavu linapita likiwa na nafasi ya sm 5. Bisibisi na dakika tano, basi. Kama lingegoma bado, mlango ungeng'olewa kwenye bawaba, na hapo ungepata sentimita tatu nne nyingine.

Sasa lifti. Ujumbe ulisema lifti IPO, na vijana wakisikia hivyo hupangiwa kazi ya lifti. Mlango wa lifti ulikuwa na kimo cha sm 200, na ndani kuna kimo cha sm 210 na kina cha sm 140. Kochi la sm 220 halisimami humo. "Si watalilaza mshazari?" Hili ndilo swali linaloulizwa kila mara, na jibu linashangaza: kitu kinene kikianza kuinamishwa, kimo chake kwanza huongezeka kabla ya kupungua, kwa sababu pembe ya juu hupanda. Ukitaka kuona, simamisha boksi la viatu chini ya meza fupi kisha uliinamishe. Hadi kochi lile lishuke chini ya sm 210, lingekuwa limelala kiasi cha kuhitaji kina cha zaidi ya mita mbili, na lifti ina mita moja na nusu kasoro.

Maana yake kochi linashuka kwa ngazi, ghorofa tatu. Friji, yenye kimo cha sm 180, inaingia kwenye lifti bila shida. Kwa hiyo mstari wa kweli wa ujumbe haukuwa "lifti IPO", ulikuwa "lifti ipo kwa vyote isipokuwa kochi, kochi kwa ngazi, ghorofa ya 3, kona sita". Mpangaji akiupata mstari huo atajua kijana wa tano anahitajika au la, na bei mtaizungumza leo, si mkiwa mmesimama kwenye kona ya ngazi huku kochi limekwama.

*Onyo:* hesabu ngazi kuanzia pale lori litakaposimama. Watu hutaja ghorofa na kusahau zile ngazi nane za kutoka barabarani hadi mlango wa jengo.

Hatua ya 4: Pima njia ya kuingilia unakokwenda

Kwa uzoefu wangu upande huu ndio huharibu kazi nyingi zaidi, maana mteja mwenyewe hajaujua. Aliiona nyumba mara mbili, akiwa anaangalia vyumba.

Anza na geti. Lori la boksi ni refu kwenda juu, mara nyingi zaidi ya mita 3, kwa hiyo uliza kampuni kimo cha lori watakalotuma, kwa sentimita. Kisha pima geti kwenye sehemu yake ya chini kabisa. Matao ya mapambo huwa juu katikati na chini pembeni, na boksi la lori ni la mraba, pembe zake ndizo zitakazogusa. Angalia pia nyaya zinazokatiza njia na matawi ya miti. Nyaya usiziguse kwa ufito, piga picha tu ukiwa chini uitume.

Kuna jambo madereva wanalijua na wateja hawalijui. Lori lililojaa hukaa chini kidogo, na likishushwa mzigo springi zake hulinyanyua. Nyumbani unakohamia, lori linaingia likiwa limejaa na kutoka likiwa tupu. Geti linaloliruhusu kuingia kwa kubana linaweza kulikatalia kutoka. Usikubali nafasi ya sentimita mbili tatu.

Geti la mama yetu lilikuwa na boriti ya zege kwa mita 3.0. Lori lilikuwa la mita 3.4. "Maegesho YAPO" ilikuwa kweli kabisa, kwa magari madogo. Lori lingesimama nje ya geti, na kutoka pale hadi mlango wa sebule alihesabu hatua 45. Hatua ya mtu mzima wa kawaida ni kama sm 70, kwa hiyo ni mita 30 hivi. Kwenda na kurudi ni mita 60, karibu dakika moja zaidi kwa kila safari. Maboksi na vyombo vyake vilikuwa safari kama tisini. Kwa vijana wanne, huku vyombo vikubwa vikibebwa na watu wawili wawili, ni karibu nusu saa ya ziada, na uchovu wake. Si mkasa. Lakini kampuni ikiambiwa mapema italeta toroli, na ikiwa hapo nje ya geti ni barabara ambayo lori haliruhusiwi kusimama, itajulikana leo.

Piga picha tano utume: geti kwa mbali, boriti ya geti pamoja na ufito wa kipimo, njia kutoka geti hadi mlangoni, mlango wenyewe, na ngazi za ndani kama zipo. Picha hizo humsaidia mpangaji kuliko maelezo ya kurasa mbili.

Hatua ya 5: Omba ruhusa kwa saa zilizo sahihi

Majengo mengi yenye msimamizi hutaka barua au taarifa kabla ya mtu kutoa samani, na mengine huzuia kuhama siku za mapumziko au baada ya saa fulani jioni. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni namna ya kuomba lifti.

Mtu husoma "kati ya saa 2 na saa 4", akaenda kuomba lifti kuanzia saa 2 hadi saa 4. Lori linafika saa 4 kasoro robo, kihalali kabisa, na robo saa baadaye mlinzi anaichukua lifti yake. Omba hivi: kuanzia mwanzo wa kipindi, hadi mwisho wa kipindi ukiongeza saa za kupakia. Kama kupakia kumekadiriwa saa tatu, lifti iwe yako kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ukimaliza mapema unairudisha, hakuna atakayelalamika.

Kampuni ikupe namba ya lori na majina ya vijana siku moja kabla, uyapeleke kwa mlinzi wa kila geti. Mlinzi wa usiku akipewa karatasi, hakikisha wa asubuhi ameiona. Zamu hubadilika saa 12, na karatasi hubaki mfukoni mwa aliyeondoka.

Hatua ya 6: Linganisha orodha na nyumba

Pita chumba kwa chumba ukiwa na orodha uliyoituma. Fungua stoo, angalia varanda, juu ya makabati na chini ya vitanda. Mama yetu alikuta vitu vinne visivyoandikwa: mashine ya kufulia, rafu ya vitabu, na baiskeli mbili. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ina uzito wa kilo 60 na zaidi, kwa sababu ndani yake huwekwa tofali la zege la kuituliza isirukeruke. Ni kitu kimoja kwenye orodha, lakini ni watu wawili na mkanda wa kubebea.

Hapo hapo uliza vitu ambavyo hawabebi. Karibu kampuni zote hukataa petroli, mafuta ya taa, rangi na mitungi ya gesi ndani ya boksi la lori lililofungwa, kwa sababu ya mvuke wake na hatari ya moto. Mtungi wa gesi upangie usafiri mwingine unaopitisha hewa. Uliza pia nani anafungua vitanda na makabati. Neno "kuhamisha" kwa wengine linajumuisha kufungua na kufunga, kwa wengine ni kubeba tu.

Hatua ya 7: Andaa vile ambavyo vijana hawawezi kukuandalia asubuhi

Maboksi hata yakibaki matano, vijana watakusaidia kuyafunga huku wakinung'unika. Lakini kuna mambo yanayohitaji muda ambao asubuhi hautakuwepo.

Friji ndiyo ya kwanza. Izime saa 24 kabla, uache mlango wazi na kitambaa chini, ili barafu yote iyeyuke na ndani pakauke. Friji iliyochomolewa asubuhi hiyo hiyo itavuja maji juu ya magodoro safari nzima. Isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazimika kulazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba ya kupozea, kwa hiyo ikifika isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Kama ililala muda mrefu, iachwe hadi kesho yake.

Mashine ya kufulia ni ya pili. Toa maji kwenye bomba na kwenye kichujio kilichopo chini mbele, weka beseni, maana yatatoka mengi kuliko unavyodhani. Kisha tafuta zile bolti ndefu zilizokuja nayo ikiwa mpya, za kushikilia pipa la ndani. Hufungwa kwa nyuma. Bila hizo pipa huyumba njiani na kuvunja springi zake. Ukiwa umezitupa, mwambie msimamizi wa vijana. Kuna njia za kulibana pipa, lakini aamue yeye na ajue mapema. Na ukifika, zifungue kabla ya kufua. Mashine ikiwashwa nazo huruka jikoni kama mbuzi.

Maboksi: vitabu kwenye maboksi madogo, nguo na mito kwenye makubwa. Boksi ambalo huwezi kulinyanyua mwenyewe bila kukunja uso limejaa kupita kiasi. Andika jina la chumba ubavuni, pande mbili, usiandike juu, kwa sababu likipangwa chini ya jingine maandishi yanafichika. Yape maboksi yote namba, 1 hadi ya mwisho, upate kuhesabu wakati wa kushusha.

Nati na bolti za kila kitanda ziingie kwenye mfuko wake, na mfuko ufungwe kwa utepe kwenye kipande cha kitanda hicho hicho. Mfuko mmoja wa nati za nyumba nzima ni fumbo la usiku wa manane.

Hati, dawa, fedha, dhahabu, chaja na funguo za nyumba mpya: hivyo haviingii kwenye lori. Viweke kwenye begi lako, begi likae chooni mlango ukiwa umefungwa, au ndani ya gari lako. Nimeshapokea simu ya mteja aliyefungia funguo za nyumba mpya ndani ya boksi namba 17, na boksi namba 17 lilikuwa limepakiwa la kwanza, mwisho kabisa wa lori.

Hatua ya 8: Jibu, lakini usijibu NDIYO tupu

Hili ndilo jibu la mama yetu baada ya kupima. Libadilishe liwe lako:

> Nathibitisha Jumamosi tarehe ___, saa 2 hadi saa 4 asubuhi (08:00–10:00). Naomba dereva anipigie akiwa dakika 30 kutoka hapa.
> Marekebisho:
> 1. Kochi 1 (sm 220 x 95 x 85, miguu inafunguka) haliingii kwenye lifti, litashuka kwa ngazi ghorofa 3. Vingine vyote kwa lifti. Lifti nimeiombea saa 2 hadi saa 7.
> 2. Nyumba mpya: geti lina kimo cha mita 3.0. Lori litasimama nje, mita 30 hadi mlangoni. Picha 5 nimeambatanisha. Naomba toroli.
> 3. Vimeongezeka: mashine ya kufulia, rafu ya vitabu, baiskeli 2.
> Tafadhali nithibitishieni kwa maandishi kama bei, lori au idadi ya vijana inabadilika.

Sentensi ya mwisho usiiache. Makubaliano ya simu husahaulika na aliyepokea simu, na Jumamosi huwa siku yake ya mapumziko.

*Onyo la fedha:* ukipata ujumbe mwingine wa "uthibitisho" unaotaka arbuni kwenye namba mpya ya malipo, usilipe. Piga namba ile uliyozungumza nayo siku ya makadirio, usipige iliyo kwenye ujumbe, uulize.

Hatua ya 9: Asubuhi yenyewe

Uwe macho na umevaa viatu nusu saa kabla ya kipindi kuanza. Vijana wakifika, watembeze vyumba vyote kabla hawajashika kitu: hiki kinakwenda, hiki kinabaki, hiki kilikuwa na ufa tangu zamani. Ufa huo uandikwe kwenye karatasi yao mbele yako. Mtu mmoja wa nyumbani asimame mlangoni akihesabu, mwingine akae na watoto mbali na ngazi. Lori likishafungwa, rudi ndani peke yako ufungue kila kabati. Kule nyuma ya milango ndiko pasi na mapazia hubaki.

Mambo yakienda kombo

*Kipindi kimeisha na lori halijafika.* Piga ofisini, usimpigie dereva, maana dereva atakwambia "niko karibu". Muulize mpangaji lori liko kwenye hatua gani ya kazi iliyotangulia: linapakia, linashusha, au liko njiani? Kama bado linapakia, hesabu saa tatu au zaidi, na papo hapo mpigie msimamizi wa jengo kuongeza muda wa lifti.

*Limekuja lori dogo kuliko lililoandikwa.* Usiruhusu kupakia kabla hamjakubaliana. Muulize msimamizi kama vitaingia safari moja. Akisema safari mbili, nani analipa ya pili? Jibu liandikwe kwa ujumbe kutoka ofisini, ndipo wabebe.

*Lifti imekufa asubuhi hiyo.* Maboksi yashushwe kwanza kwa ngazi, vyombo vizito visubiri. Mara nyingi fundi hufika kabla maboksi hayajaisha. Saa za ziada utatozwa, kwa hiyo muombe mlinzi akuandikie lifti iliharibika saa ngapi.

*Kochi limekwama kwenye kona.* Msisukume. Lirudishwe nyuma, litolewe mito na miguu, kisha lijaribiwe likiwa limesimama wima kwa upande wa mkono, mgongo wake ukitangulia kuzunguka kona. Likigoma mara mbili, uamuzi wa kulipitisha kwa kamba juu ya baraza ni wa kampuni yenye vifaa vyake, si wa shemeji na majirani.

*Mvua.* Kuwa na turubai au plastiki pana mlangoni. Magodoro na makochi yapakiwe ikikatika, maboksi ya vyombo yanaweza kuendelea chini ya mwavuli. Sakafu ya ngazi ifutwe kila mara, kwa sababu anayeteleza na friji hateremki peke yake.

*Boksi halionekani baada ya kushusha.* Usitie saini. Soma namba zilizopo uone ipi haipo, kisha mwombe dereva afungue tena lori na kunyanyua mablanketi ya kufunikia. Boksi dogo hupenda kujificha humo. Lisipopatikana, andika namba yake na kilichokuwamo kwenye karatasi yao juu ya saini yako, na upige picha karatasi hiyo kabla lori halijaondoka.